Fremu ya mtu au kizimba cha manispaa: rekodi yako ya kulipa inakusaidia wapi zaidi?

Mi nauza vyombo, yaani masufuria, ndoo, chupa za chai na madumu ya kuwekea mawese, fremu yangu iko Mwanga hapa Kigoma. Wifi yangu yeye yuko sokoni, anauza dagaa na mawese kwenye kizimba, sitataja soko gani kwa sababu ya mambo nitakayosema huko mbele. Oktoba 2025 tukajikuta na kesi zinazofanana kwa wakati mmoja: mimi mwenye fremu anataka kupandisha kodi mkataba ukiisha, wifi anataka kutolewa kizimba cha nyuma kule karibu na choo asogezwe mbele ambako watu wanapita. Wote ni walipaji wazuri, wote tukasema tunaenda na rekodi zetu mkononi. Mimi nilitoka na kitu, wifi alirudi mikono mitupu, na haikuwa kwamba mimi naongea vizuri kuliko yeye, maana yeye ndo msemaji wa familia. Basi nimeziweka hizi njia mbili pamoja, kwa yule anayejiuliza apambane na mwenye fremu au akatafute kizimba kizuri sokoni.

Nianze na fremu maana huko ndo kuna hela.

Nilipangisha Januari 2021 kwa laki na ishirini kwa mwezi, nalipa miezi sita sita, tarehe 5 Januari na tarehe 5 Julai. Mwaka 2023 ikapanda ikawa laki na nusu, sikubisha. Sasa Oktoba mzee kanipigia simu, salamu ndefu, halafu anasema mwanangu kuanzia Januari fremu ni laki mbili, vitu vimepanda. Elfu hamsini kwa mwezi, kwa mwaka laki sita. Kwa mtu anayeuza ndoo laki sita ni hela ndefu.

Wengi wetu hapo tunafanya kosa moja, tunaanza kulia hali. Biashara ngumu mzee, wateja hamna mzee, watoto shule mzee. Ukiangalia vizuri hayo yote yanamtisha mwenye fremu, maana umemwambia mwenyewe kwamba huyu mpangaji mwakani huenda asilipe. Unadai upunguziwe kwa sababu umeshindwa, wakati hoja yako yenye nguvu ni kwamba hujawahi kushindwa.

Mi nilikaa siku mbili nikaandika karatasi moja, upande mmoja tu. Nilifukua meseji za M-Pesa, nikaenda kwa wakala kuomba taarifa ya miamala nikaambiwa piga huduma kwa wateja, nikapiga, nikapata. Zile nilizolipa taslimu nilikuwa na daftari ambalo mzee alisaini. Ule msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari tunautumia kwenye mauzo, kwenye kodi tunayolipa watu hatuutumii, na ndo maana ikifika siku ya kuongea mtu anabaki kusema "mzee si unanijua". Karatasi yangu ilikuwa na mistari kumi, kila mstari tarehe ya kulipa ilikuwa lini, nimelipa lini, kiasi gani, kwa njia gani. Mfano:

Julai 2023: inadaiwa tarehe 5, nimelipa tarehe 3, 900,000, M-Pesa.
Januari 2024: inadaiwa tarehe 5, nimelipa tarehe 5, 900,000, taslimu, daftari limesainiwa.
Julai 2024: inadaiwa tarehe 5, nimelipa tarehe 24, 900,000, M-Pesa.

Huo wa tatu umeuona? Siku 19 nilichelewa. Shemeji yako alinishauri niuruke na mi nikakataa. Kwanza mzee anakumbuka, watu wazima hawasahau siku uliyowachelewesha hata wakisahau siku tisa ulizowahi. Pili kulikuwa na sababu inayojulikana mji mzima: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na Kigoma ziwa likifungwa hela haizunguki, hata sisi wa ndoo tunalia. Nikaandika pembeni mstari mmoja tu, "ziwa limefungwa, nilimpigia mzee tarehe 2 kumjulisha, nikalipa yote kwa mkupuo". Kumbe mstari huo ndo uliofanya karatasi nzima iaminike, maana karatasi isiyo na doa hata moja mtu anaanza kujiuliza umeficha nini.

Chini ya mistari kumi nikaweka jumla. Miaka miwili ya laki na ishirini na miaka mitatu ya laki na nusu, jumla 8,280,000. Sikuiweka kumsimanga, niliiweka kwa sababu mtu anayepokea hela vipande vipande hajawahi kuziona pamoja. Halafu vitu nilivyofanya kwenye fremu: mlango wa grili, taa na swichi, sakafu iliyokuwa imebomoka mlangoni. Na kwamba LUKU ni ya kwangu sijawahi kumwachia deni, wala sijawahi kugombana na fremu ya jirani hadi aitwe kuamua.

Sasa hesabu yenyewe ambayo sikuiandika kwenye karatasi, niliibeba kichwani. Mzee akipandisha hadi laki mbili na mi nikaondoka, fremu itakaa tupu kidogo. Nilihesabu fremu za mtaani kwetu zilizofungwa, zilikuwa nne, na moja ina kibao cha "inapangishwa" tangu Juni. Tuseme yake ikae tupu miezi mitatu tu. Miezi tisa iliyobaki kwa laki mbili ni milioni moja na laki nane. Miezi kumi na miwili yangu kwa laki na nusu ni milioni moja na laki nane. Ni hela ile ile! Yaani mwaka wote wa kwanza hajapata hata mia ya nyongeza, na kapata mtu asiyemjua. Ikikaa tupu miezi minne kashapata hasara. Hiyo ndo bei ya rekodi yako kwa mwenye fremu, haitoki kwenye huruma, inatoka kwenye miezi tupu anayoiogopa.

Ila angalia, hesabu hii inageuka. Kama fremu yako iko pale ambapo mtu akitoka leo kesho asubuhi kuna watu watatu wanagombania na mmoja kabeba kilemba, yaani hela ya kununulia nafasi, rekodi yako haina uzito huo, mwenye fremu haogopi kitu. Kabla hujaandika karatasi zunguka mtaa wako uhesabu zilizofungwa na uulize zinaenda bei gani. Mi niliuliza kama mteja, fremu mbili za saizi yangu walisema laki na sabini, na nyingine moja laki na themanini. Kwa hiyo nilijua laki mbili imezidi, na nilijua pia kwamba laki na nusu imeshapitwa, nisingeweza kuing'ang'ania.

Nilienda nyumbani kwake jioni, siyo dukani, maana dukani kuna masikio. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, karibu. Nikamwacha amalize habari zake, nikatoa karatasi. Akavaa miwani akasoma polepole sana, mpaka nikaanza kuona aibu sijui ya nini. Akafika kwenye ile jumla akaguna. Akasema, "Kumbe umekaa sana." Nikamwambia mzee sikatai kupanda, naomba ipande kwa kiasi ambacho nitaendelea kulipa tarehe ileile, niko tayari kwa laki na sitini na tano. Akasema lete ya mwaka mzima basi nikupe hiyo.

Hapo ndo pa kuwa makini, maana ni mtego hata kama yeye hajautega. Mwaka mzima kwa laki na sitini na tano ni 1,980,000 kwa mkupuo. Tukafika na chaguo la pili, laki na sabini na tano kwa miezi sita sita, ambayo ni 1,050,000 kila awamu. Tofauti kwa mwaka ni laki moja na ishirini tu, lakini kuipata hiyo tofauti nitoe 930,000 zaidi Januari, na Januari ndo wazazi wananunua ndoo na mabegi ya shule. 930,000 nikiinunulia mzigo inazunguka mara kadhaa mpaka Julai na inarudisha zaidi ya laki na ishirini. Kwa mtu ambaye hela yake imelala benki jibu lingekuwa tofauti. Mi nikachukua laki na sabini na tano, na nikaomba kitu kimoja cha ziada ambacho kwangu kina thamani kuliko ile elfu kumi: mkataba wa miaka miwili na isipande katikati. Akakubali, tukaandika.

Mambo mawili ya kwenye mkataba uyajue kabla hujaenda, nitayapitia haraka. La kwanza ni kodi ya zuio, mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Wenye fremu wengi wakisikia hivyo wanasema hela yangu nataka kamili. Kama mnakubaliana laki na sabini na tano, mwandike kabisa ni kabla ya zuio, yeye anapokea 157,500 na 17,500 inaenda TRA kwa namba yake ya mlipakodi. Msipoongea mapema, ile nafuu uliyoipigania inageuka kuwa unamlipia yeye kodi yake. Na kama miaka yote hamkuwa mnakata, ujue karatasi yako ya mistari kumi inaonyesha na hilo pia, kwa hiyo usiisambaze ovyo. La pili ni ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, kwangu 21,000. Mkataba usio na stempu ukienda nao mahakamani haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe. Elfu ishirini na moja, lipa tu.

Haya tuje sokoni.

Kwanza kitu ambacho wifi hakukijua, na mi sikukijua: kwenye soko la halmashauri huwezi kujadili bei. Ushuru wa kizimba umewekwa na sheria ndogo za halmashauri, umepitishwa na madiwani, meneja wa soko hana mamlaka ya kukupunguzia hata mia tano kwa sababu wewe ni mlipaji mzuri. Ukisikia mtu kapunguziwa ujue kuna kitu hakiko kwenye risiti. Kwa hiyo kinachoombwa pale ni nafasi tu. Na nafasi inatoka pale ambapo kizimba kimebaki wazi, kwa kifo, kwa mtu kuacha, au kwa mtu kunyang'anywa kwa deni. Hakuna kilicho wazi, hakuna mazungumzo, rekodi yako hata ingeandikwa kwa dhahabu.

Pili, anayekusikiliza hapotezi kitu ukiondoka. Mwenye fremu anaogopa miezi tupu, lakini kizimba cha manispaa kikibaki wazi mshahara wa meneja uko palepale. Anachoogopa yeye ni vitu viwili: orodha ya wadaiwa inayosomwa kwenye vikao, na kelele za wafanyabiashara wengine kwamba fulani kapendelewa. Kwa hiyo rekodi yako pale haifanyi kazi ya kumshawishi, inafanya kazi ya kumkinga. Anataka awe na karatasi ya kuonyesha kwamba huyu tulimpa kwa sababu hana deni, ana leseni au kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, yuko hapa miaka minne, na barua yake ilipokelewa tarehe fulani kabla ya za wengine. Uandishi ni tofauti kabisa na wa kwangu. Barua inaenda kwa meneja wa soko au afisa masoko, inapitia kamati ya soko, inagongwa mhuri wa kupokelewa, na nakala yenye mhuri unabaki nayo wewe. Maneno ya kuomba kwa huruma hayana kazi humo. Taja namba ya kizimba unachoshika, namba ya unachokiomba kama unajua kiko wazi, na uambatanishe risiti za kontro namba.

Na hapo kwenye risiti ndo wifi alipoanguka.

Miaka minne analipa bila kukosa. Hata kipindi ziwa limefungwa alikuwa anauza mawese na dagaa wa akiba, ushuru analipa. Risiti zake anazihifadhi kwenye kopo la maziwa, zote zipo. Tukazimwaga kitandani tuzipange kwa miezi, mimi nazisoma yeye anaandika, na kwenye kama ya tano nikamuuliza, huyu nani? Jina kwenye risiti halikuwa lake. Tukaangalia nyingine, hivyohivyo, zote. Lilikuwa jina la mtu aliyemwachia kizimba mwaka 2021, ambaye wifi alimlipa kilemba laki nne akiamini amenunua nafasi. Kumbe yule bado ndo mwenye kizimba kwenye mfumo, kontro namba inatoka kwa jina lake, na kila mwezi wifi amekuwa anamjengea mtu mwingine rekodi nzuri kwa hela yake. Alipopeleka barua aliambiwa, mama wewe hatukufahamu, na kisheria walikuwa sahihi. Mbaya zaidi alikuwa amejitaja mwenyewe kwamba anakaa kwenye kizimba cha kupangishwa kinyemela, jambo ambalo masoko mengi hawaruhusu.

Kwa hiyo kama uko sokoni, leo chukua risiti ya mwezi uliopita usome jina. Siyo kiasi, jina. Kama siyo lako usipeleke barua ya kuomba kuhamishwa mbele, peleka kwanza ombi la kubadilisha umiliki, na uende na yule mwenye jina kama bado mnaelewana, maana yeye akiandika kwamba amekuachia kazi inakuwa nyepesi, akikataa au akitaka hela nyingine ndo utajua ulinunua nini. Kwenye fremu ugonjwa huo pia upo ila kwa sura nyingine, unalipa kwa namba ya mtoto wa mwenye fremu, siku mzee akifariki ndugu wanasema hatujaona hela. Dawa yake ni rahisi kidogo: kila ukilipa tuma meseji kwenye namba ya mwenye mkataba mwenyewe, "mzee nimelipa kodi Januari hadi Juni kupitia namba ya fulani", akijibu hata "sawa" ihifadhi.

Kuhusu nafasi yenyewe, usidanganyike na neno mbele. Wifi alikuwa anakitaka kizimba kimoja karibu na geti, nikamwambia tukakae pale. Tulikaa Jumamosi saa moja asubuhi hadi saa mbili, halafu tena jioni. Asubuhi watu walipita wengi kweli, ila wengi wanaingia wakiwa na haraka, wanaotafuta dagaa wananyoosha hadi safu ya dagaa kwa sababu wanataka kulinganisha bei kwa watu watatu wanne. Jioni jua lilikuwa linapiga kile kizimba usoni, dagaa hana shida na jua lakini mawese kwenye chupa, na yeye mwenyewe, mh. Kizimba cha pembeni kwenye safu ya dagaa palepale kingemfaa kuliko cha getini, na hakigombaniwi kama cha getini. Muuza matunda au vocha angechagua geti bila kufikiri. Saa mbili za kukaa na kuhesabu vichwa zinakuokoa usipoteze barua yako kuombea nafasi isiyokufaa.

Sasa uende wapi? Kama uko kwenye fremu ya mtu, umelipa miaka miwili au zaidi, na mtaani kwenu kuna fremu zilizofungwa, baki upambane na mwenye fremu, anza miezi mitatu kabla mkataba haujaisha, maana ukienda wiki ya mwisho anajua huna pa kuhamishia mzigo. Kama mtaa wenu fremu zinagombaniwa na una bidhaa ndogo za kuuzika mezani, sokoni bei imetulia, haitapandishwa na simu ya jioni, lakini ujue unaanza rekodi upya kuanzia sifuri, miaka yako ya fremu haimwambii kitu afisa masoko. Na usihamie kwa kununua kilemba cha mtu bila jina kubadilishwa kwenye mfumo, hata kama dalali ni shemeji yako. Bidhaa kama zangu, ndoo zinazojaza fremu hadi dari, hata kama kizimba kingekuwa bure zisingeenea, kwa hiyo mimi uamuzi ulikuwa rahisi, sijifanyi mjanja.

Wifi aliongozana na yule mwenye jina Novemba, ilibidi ampe tena elfu hamsini ya "usumbufu", tukanuna ila tukatoa. Jina lilibadilika. Risiti ya kwanza yenye jina lake ameitoboa akaitundika msumarini juu ya mizani, na barua ya kuomba kile kizimba cha kwenye safu ya dagaa iko tayari kwenye kopo la maziwa, anasubiri zifike risiti sita.